Kupima masi ya moli ya protini kwa shinikizo la osmosisi: mfano wa albumini

Ukiyeyusha gramu 10 za albumini ya damu ya ng'ombe katika lita moja, unapata molekuli chache sana. Masi yake ya moli ni takriban gramu 66,400, kwa hiyo lita nzima ina milimoli 0.15 tu. Ukijaribu kuipima kwa kuangalia jinsi kiwango cha kuganda kinavyoshuka, kitashuka kwa nyuzi 0.0003 hivi za Selsiasi, na hapo kipimajoto cha kawaida hakisemi kitu. Lakini mmumunyo huohuo ukitenganishwa na bafa yake kwa utando unaopitisha maji na chumvi na kuzuia protini, unapandisha safu ya kimiminika kwa milimita 36 hivi. Hicho ni kimo unachokisoma kwa rula.

Ndiyo maana njia hii inafaa kwa molekuli kubwa. Mwongozo huu unafuata kazi nzima kwa kutumia albumini, protini inayouzwa kama unga na yenye jibu linalojulikana, ili ukikosea ujue umekosea. Ukishaipata sawasawa, molekuli usiyoijua utaipima kwa hatua zilezile.

Kanuni, na mahali inapoishia

Maji huingia upande wenye protini kwa sababu upande ule maji "huru" yamepungua kidogo. Yanaendelea kuingia mpaka uzito wa safu iliyopanda uyazuie. Shinikizo linalotosha kuyazuia ndilo shinikizo la osmosisi. J. H. van 't Hoff, aliyepata Tuzo ya Nobeli ya kwanza ya kemia mwaka 1901, alionyesha kwamba katika mmumunyo mwepesi shinikizo hilo linafuata hesabu ileile ya gesi:

```
Π = cRT / M
```

Hapa Π ni shinikizo kwa paskali, c ni gramu za protini katika lita, T ni halijoto kwa kelvini, na M ni masi ya moli. R ni namba isiyobadilika ya gesi, na kwa vipimo hivi ni 8,314. Kumbuka hilo, maana waliozoea 8.314 hutumia mita za ujazo mahali pa lita, na jibu likitoka dogo mara elfu moja, kosa huwa ni hapo.

Kinachoonekana katika kanuni hii ni kwamba shinikizo linahesabu molekuli, halizipimi uzito. Chembe yoyote isiyopita kwenye utando inahesabiwa moja, iwe kubwa au ndogo. Karibu kila kosa utakalokutana nalo linatokana na hilo: kuna chembe imehesabiwa isiyostahili, au iliyostahili imekosekana.

Kanuni pia ni kweli kikamilifu pale tu protini inapokaribia kuisha kabisa. Protini ikiongezeka, molekuli zinaanza kubanana, kila moja ikiwanyima wenzake nafasi, na shinikizo linapanda kuliko kanuni inavyosema. Kwa hiyo hatupimi mmumunyo mmoja. Tunapima minne, tunagawa kila shinikizo kwa c yake, kisha tunachora mstari na kuurudisha nyuma mpaka c iwe sifuri:

```
Π/c = RT/M + B·c
```

Mahali mstari unapokata mhimili wa wima ndipo RT/M ilipo. B ni mwinamo, nao hauhitajiki katika kutafuta M.

Bafa kwanza, protini baadaye

Hatua hii ndiyo inayoharibu kazi nyingi, na wengi huipita haraka kwa sababu inaonekana ni kuchanganya chumvi tu.

Albumini ina chaji. Kwenye pH 7.4 kila molekuli ina chaji hasi zipatazo 17, na kila chaji lazima iambatane na ioni ya sodiamu. Ioni hizo ni ndogo na zingeweza kupita, lakini haziwezi kuiacha protini peke yake upande mmoja, kwa hiyo zinabaki kifungoni pamoja nayo na zinahesabiwa kama chembe. Hili huitwa athari ya Donnan. Piga hesabu kwa gramu 10 kwa lita ndani ya bafa yenye chumvi ya milimoli 1 tu: shinikizo linakuwa kubwa zaidi ya mara tisa, na masi inayotoka ni kama 7,200 badala ya 66,400. Namba hiyo haikupi dalili yoyote ya kosa. Inaonekana kama protini ndogo ya kawaida, na ukirudia kipimo utaipata tena vilevile.

Tiba ni mbili na zinatumika pamoja. Ya kwanza ni kuifanya protini ikaribie kutokuwa na chaji, kwa kuweka pH karibu na 5, mahali chaji chanya na hasi za albumini zinapokaribia kulingana. Ya pili ni kuweka chumvi ya kutosha. Hata kwenye pH 7.4, chumvi ya milimoli 150 inashusha kosa hilo mpaka asilimia 7 kwa gramu 10, na kosa lililobaki linapungua kadiri protini inavyopungua, kwa hiyo linafutika unaporudisha mstari kwenye sifuri.

Kwa lita moja ya bafa, yeyusha gramu 4.32 za asetati ya sodiamu yenye maji matatu, mililita 1.04 za asidi ya asetiki isiyozimuliwa, na gramu 5.84 za kloridi ya sodiamu katika maji yaliyotoneshwa, kama mililita 900. Pima pH, irekebishe iwe 5.0 kwa matone ya hidroksidi ya sodiamu au asidi ya asetiki, kisha jaza mpaka lita. Tengeneza lita tano kwa mkupuo mmoja. Bafa ya leo na ya kesho zikitofautiana chumvi kidogo tu, safu itapanda au kushuka kwa sababu zisizohusiana na protini mpaka chumvi isawazike.

Utando na mrija

Tumia utando wa dayalisisi wa selulosi unaozuia molekuli zaidi ya daltoni 12,000 hadi 14,000, wenye upana wa milimita 16 ukilazwa bapa. Daltoni ni namba ileile ya gramu kwa moli. Upana huo unabeba mililita 0.8 hivi kwa kila sentimita, kwa hiyo kipande chenye sentimita 6 za kazi, ukiacha sehemu za kufungia, kinabeba mililita 5. Chemsha vipande kwa dakika 10 katika mmumunyo wa bikabonati ya sodiamu wa asilimia 2 ili kuondoa gliserini na salfa za kiwandani, suuza vizuri, kisha viweke ndani ya bafa. Tangu hapo visikauke tena, maana utando uliokauka hupata nyufa usizoziona kwa macho.

Mrija wa kioo uwe na kipenyo cha ndani cha milimita 1 na urefu wa milimita 300. Kuna sababu ya kutochukua mpana zaidi. Safu ya milimita 100 katika mrija huu ni mililita 0.08 tu, kwa hiyo maji yanayoingia yanazimua protini kwa asilimia 1.6. Katika mrija wa milimita 3 safu hiyohiyo ni mililita 0.7, protini inazimuliwa kwa asilimia 14, na unasubiri siku nyingi mpaka itulie.

Mrija mwembamba una gharama yake: kioo chenyewe huvuta kimiminika juu hata pasipo osmosisi. Maji matupu katika mrija huu hupanda milimita 30 hivi. Lakini protini hulegeza uso wa maji, na mmumunyo wa albumini hupanda takriban milimita 21 tu. Ukitoa 30 badala ya 21 kwenye mmumunyo wa gramu 10, umepoteza robo ya kipimo chako. Kwa hiyo usichukue namba ya kitabuni, hata hizi za hapa. Chovya mrija uleule ndani ya mmumunyo uleule, kwenye halijoto ileile, subiri utulie, na uandike kimo. Mrija uwe umeoshwa kwa sabuni ya maabara na kusuuzwa mpaka maji yatande sawasawa bila kubaki matonematone, la sivyo kimo kitabadilika kila ukichovya.

Kufunga kifaa na kusubiri

Tengeneza mmumunyo mzito wa albumini, kama gramu 50 kwa lita ndani ya bafa, kwa kuunyunyiza unga juu na kuuacha uzame wenyewe. Ukiukoroga utatoka povu, na protini iliyo kwenye povu huharibika na kugandamana. Uweke mmumunyo ndani ya utando wa dayalisisi kwenye bafa nyingi usiku mzima, katika baridi, ukibadilisha bafa mara mbili. Hivyo chumvi za ndani na nje zinalingana kabla hujaanza kupima, na vipande vidogo vya protini vinatoka. Kisha uzimue kwa bafa iliyouzunguka usiku huo, si kwa nyingine, upate takriban gramu 10, 20, 30 na 40 kwa lita.

Funga upande mmoja wa kifuko kwa fundo mbili. Jaza mmumunyo mpaka juu kabisa, ingiza kizibo cha mpira chenye tundu lililokwisha kuwekwa mrija, na ufunge utando juu ya kizibo kwa uzi uliozungushwa mara nyingi na kukazwa. Kipovu cha hewa kikibaki ndani, fungua uanze upya. Hewa hubanwa na kutanuka kwa kila badiliko dogo la joto, nayo hukufanya usome hali ya hewa badala ya osmosisi. Zamisha kifuko chote ndani ya bika ya bafa, funika bika ili bafa isikauke, na simamisha rula pembeni ya mrija.

Kwa kila mmumunyo funga vifuko viwili. Kimoja, kwa sindano ndefu nyembamba, kianze safu ikiwa juu ya kimo unachotarajia kwa milimita 30, na kingine chini kwa milimita 30. Safu ya kwanza itashuka, ya pili itapanda, na pale zinapokutana ndipo penye jibu. Ukiwa na kifuko kimoja tu huwezi kujua kama safu imetulia au inatambaa polepole mno. Zikikaribiana lakini zisikutane, subiri zaidi. Zikipishana, kimoja kinavuja.

Fanya kazi hii kwenye nyuzi 4 za Selsiasi, si kwa ajili ya kuzuia bakteria peke yake. Kwenye nyuzi 20, badiliko la digrii moja hutanua mililita 5 za maji kiasi cha kusogeza safu milimita 1.3. Karibu na nyuzi 4 maji karibu hayatanuki wala hayanywei, na safu inatulia hata friji ikiwaka na kuzima. Weka bika zote ndani ya ndoo ya maji iliyo ndani ya friji, joto libadilike polepole. Safu nyingi hutulia kati ya saa 24 na 48. Andika kimo kila baada ya saa chache, na uchukue jibu pale masomo matatu yanapofanana.

Kusoma, na kupima c upya

Kimo cha osmosisi ni tofauti kati ya kilele cha safu na uso wa bafa kwenye bika, ukitoa kimo cha kuvutwa na kioo ulichokipima. Kisha fungua kifuko na upime mkusanyiko wa protini iliyomo. Namba uliyoipata kwenye mizani haitoshi: unga hubeba unyevu, mmumunyo umezimuliwa, na utando wenyewe umetanuka kidogo. Kosa la asilimia 5 kwenye c ni kosa la asilimia 5 kwenye M. Tumia spektrofotomita kwenye nanomita 280, mahali albumini ya gramu 1 kwa lita inatoa ufyonzaji wa 0.66 hivi katika kiseli cha sentimita moja. Zimua mpaka usomaji uwe kati ya 0.3 na 0.8. Pima na bafa ya nje pia. Ikionyesha protini, umevujisha.

Sasa hesabu. Namba hizi za mfano ni za aina utakayoipata kwenye nyuzi 4, yaani kelvini 277. Densiti ya mmumunyo tumeichukua kuwa kilo 1,010 kwa mita ya ujazo, na mvutano wa dunia 9.78, unaofaa karibu na ikweta. Kila milimita ya safu basi ni paskali 9.88.

| c (g/L) | kimo (mm) | Π (Pa) | Π/c |
|---|---|---|---|
| 10 | 36.5 | 361 | 36.1 |
| 20 | 74.5 | 736 | 36.8 |
| 30 | 117.0 | 1,156 | 38.5 |
| 40 | 161.5 | 1,595 | 39.9 |

Chora Π/c dhidi ya c. Mstari unaopita vizuri kati ya nukta nne unakata mhimili kwenye 34.5. RT ni 8,314 × 277, yaani 2,303,000. Gawa kwa 34.5 upate 66,750, ambayo tunaiandika 67,000. Ukitumia nukta ya gramu 40 peke yake, bila mstari, jibu ni 57,700. Hiyo ndiyo bei ya kuruka hatua ya grafu.

Usiandike 66,750 kana kwamba namba zote tano ni za kweli. Jaribu kuongeza milimita 1 kwenye kila kimo, kosa ambalo kipimo cha mvuto wa kioo kinaweza kulileta bila wewe kujua: mstari unakata kwenye 35.6 na jibu linashuka mpaka 64,700. Milimita moja ni gramu 2,000. Nukta ya gramu 10 ndiyo inayoumia zaidi na ndiyo inayouvuta mstari, kwa hiyo ukiwa na muda wa kurudia kitu kimoja, rudia hiyo.

Jibu likikataa

Safu ikipanda, ifike kilele, kisha ianze kushuka siku ya pili, kuna kinachotoka: ama fundo limelegea, ama utando umetoboka, ama protini imeanza kukatika vipande vinavyopita. Vipande visivyopita ni vibaya zaidi kwa sababu havionekani. Asilimia 1 tu ya uzito ikiwa ni vipande vya daltoni 15,000, vinavyobaki ndani, masi inasomeka 64,200.

Jibu likizidi 66,400 na bafa iko sawa, shuku molekuli zilizoungana mbili mbili. Unga wa albumini uliokaa muda mrefu huwa na molekuli zilizoshikamana, na kila jozi inahesabiwa chembe moja. Asilimia 10 ya uzito ikiwa jozi, unapata 69,900, na hicho si kipimo kibovu. Ndicho wastani halisi wa kilichomo. Mrija unakupa wastani wa idadi, na hauna namna ya kukuambia ni aina moja au mbili.

Nukta zikijipanga kwenye upinde unaopaa upande wa kushoto, yaani Π/c inaongezeka kadiri unavyozimua, kuna mambo mawili ya kuangalia. Kama kimo cha mvuto wa kioo umekitoa kidogo kuliko inavyotakiwa, milimita zilizobaki zinagawiwa kwa c ndogo na kukua. Ukishahakikisha hilo, huenda protini yenyewe inaachana. Hemoglobini hufanya hivyo: ikizimuliwa sana hugawanyika nusu kwa nusu, hivyo usiishushe hadi gramu 1 kwa lita ukitafuta masi ya molekuli nzima.

Hemoglobini ndiyo iliyoipa njia hii umaarufu. Chuma ndani yake ni asilimia 0.33 hivi ya uzito, na kwa kuwa hakuwezi kuwa na chini ya atomu moja ya chuma katika molekuli, masi ndogo kabisa inayowezekana ni 16,700 hivi. Uchambuzi wa kemia hauwezi kwenda mbele ya hapo: 16,700, 33,400 na 66,800 zote zina asilimia ileile. Gilbert Adair, huko Cambridge, alichapisha mwaka 1925 vipimo vyake vya shinikizo la osmosisi vilivyoangukia karibu na 67,000, na kwa hiyo chuma ni nne katika kila molekuli. Leo masi hiyo inajulikana kuwa 64,500. Swali lake lilikuwa kuchagua kati ya namba zilizoachana mara mbili, na kosa la asilimia 4 halikuligusa.

Ndivyo inavyokupasa kuutumia mrija huu kwa molekuli usiyoijua, kati ya daltoni 20,000 na laki chache. Chini ya hapo utando wenyewe unaanza kupitisha. Juu ya hapo safu inafifia: molekuli ya daltoni milioni moja, gramu 10 kwa lita, inapandisha milimita 2.3, na wewe tayari umeona milimita moja inafanya nini.